Miguu imevimba, kichwa kinauma, macho yana ukungu: mwongozo kamili wa nini mjamzito afanye siku hiyo hiyo

Ukiongea na ndugu aliyemleta hospitali mjamzito mwenye kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, mara nyingi atakwambia kichwa kilianza kuuma jana, au juzi. Kisha atakueleza walichofanya katikati: walinunua Panadol dukani, wakapima malaria, wakaanza dawa ya mseto, wakasema wiki ijayo ni kliniki, ataeleza huko. Wapo pia waliofika zahanati mapema kabisa lakini wakarudi nyumbani bila mkono kufungwa mashine ya presha.

Makosa hayo mawili yanajirudia sana huku kwetu mkoani Mwanza, kuanzia Ilemela mjini hadi mialo ya Buchosa na Ukerewe. Hatua zilizo hapa chini zinamhusu mjamzito aliyevuka wiki 20, hasa aliye katika miezi 3 ya mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kadi ya kliniki. Ina presha za miezi iliyopita, na mhudumu atazilinganisha na ya leo.
- Simu yenye chaji. Namba ya kupiga ni 115, bure. Ni ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura.
- Mtu mmoja wa kusindikiza, anayeweza kusoma na kuandika namba. Mgonjwa mwenye ukungu machoni hawezi kazi hiyo.
- Kalamu, na paketi za dawa zote alizomeza tangu jana, hata zile za dukani.
- Nauli, kanga safi na vifaa vya kujifungulia. Huenda akalazwa, na huenda mtoto akazaliwa katika safari hii hii.

Mashine ya presha ya nyumbani si lazima. Kama ipo, pima mara moja, andika namba na uondoke. Ikisoma vizuri, nenda vilevile.

## Hatua ya 1: Tazama dalili zenyewe

Miguu peke yake huwachanganya watu, kwa sababu wajawazito wengi huvimba miguu mwishoni bila ugonjwa wowote. Uvimbe wa kawaida huanza jioni, huwa kwenye nyayo na vifundo, na ukilala miguu ikiwa juu ya mto asubuhi unakuta umepungua. Mama anayeshinda amesimama mwaloni akianika dagaa atauona zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo: kazi hubebeshwa lawama hata siku ambayo si yake.

Uvimbe wa kutia shaka hupanda juu. Uso unajaa asubuhi, kope zinakuwa nzito, vidole vinavimba hadi pete haitoki, au uzito unaongezeka ghafla ndani ya siku chache. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba, hesabu hadi 10, kisha achia. Ukiacha shimo linalochelewa kujaa, kuna maji chini ya ngozi. Shimo hilo halithibitishi ugonjwa, lakini usilipuuze likiambatana na kichwa. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hilo ni jambo jingine: huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nalo ni la kwenda kupimwa siku hiyo hiyo.

Kichwa cha presha mara nyingi huuma mbele au kichwa kizima, hudunda, na hakitulii kwa Panadol wala usingizi. Kikitulia kidogo kisha kikarudi, hesabu kwamba hakijapona.

Kwa macho, uliza maswali ya wazi, maana "macho yananisumbua" ni neno pana. Je, anaona nyota au vimulimuli? Kuna doa jeusi linaloziba sehemu ya anachotazama? Anaona vitu viwiviwili? Mpe simu asome jina moja kwenye orodha. Kama juzi alilisoma na leo linaelea, umeshapata jibu.

Ongeza swali moja ambalo watu hulisahau: kuna maumivu juu ya tumbo, kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia? Wengi huyaita vidonda vya tumbo au kiungulia. Kwa mjamzito anayeumwa kichwa, huenda ni ishara kwamba ini linaathirika.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kusema dalili gani ipo na ilianza saa ngapi. Huhitaji zote tatu. Kichwa kisichotulia peke yake kinatosha kuondoka leo, na macho peke yake vilevile.

## Hatua ya 2: Usianze na duka la dawa

Sababu ni hii. Katika ugonjwa huu wa presha ya ujauzito, mishipa ya damu ya mama mwili mzima hubana na kuvuja: maji hutoka kwenda kwenye ngozi, protini hutoka kwenye mkojo, na ubongo huanza kuvimba. Kichwa na macho ndiyo sauti ya ubongo huo. Panadol inaweza kupunguza maumivu kwa saa chache, na presha ikaendelea kupanda chini kwa chini.

Panadol haitamdhuru kama ameshaimeza. Kinachodhuru ni kuikalia kusubiri ifanye kazi. Dawa hizi nyingine usimpe kabisa:

- Diklopa, ibuprofeni na dawa nyingine za maumivu za aina hiyo. Huumiza figo, zinaweza kupandisha presha, na mwishoni mwa mimba huathiri mshipa mkubwa wa moyo wa mtoto.
- Lasiksi au dawa yoyote ya kukojoza kwa ajili ya kuondoa uvimbe. Damu yake tayari imepungukiwa maji ingawa ngozi imejaa. Kumkausha zaidi kunanyima kondo la mtoto damu.
- Vidonge vya presha vya mama mkwe au jirani. Baadhi havifai kabisa kwa mimba.

Sasa malaria. Kanda ya Ziwa malaria ipo, na kipimo kinaweza kuonyesha anayo kweli. Tatizo ni kwamba kipimo chenye majibu hufunga mazungumzo: "Ni malaria, chukua dawa hii, rudi nyumbani." Mtu mmoja anaweza kuwa na malaria na presha ya ujauzito kwa wakati mmoja. Pima malaria, tibu malaria, na bado pima presha.

## Hatua ya 3: Ondoka na mwanga wa mchana

Nenda kituo kilicho karibu kinachoweza kupima presha na mkojo, hata kama ni zahanati. Usiruke zahanati ili kukimbilia hospitali ya Bugando au Sekou Toure moja kwa moja ukiwa mbali, kwa sababu sindano ya kwanza ya kuzuia kifafa inaweza kuchomwa hapo hapo kabla ya safari. Aliye mjini, dakika chache kutoka hospitali, aende hospitali.

Kwa wa visiwani na mialoni, saa ndiyo inayoamua. Uliza mapema chombo cha mwisho kinaondoka saa ngapi na uhesabu kurudi nyuma: safari, foleni ya vipimo, na nafasi ya kupewa rufaa ukiwa bado una usafiri. Dalili iliyoanza asubuhi ikisubiriwa hadi saa 10 jioni inakuwa dharura ya usiku ziwani. Kama mume yuko ziwani kwenye giza la dagaa, asisubiriwe arudi ndipo uamuzi ufanyike. Familia ikubaliane mapema nani anaamua asipokuwepo.

Mjamzito mwenye ukungu machoni asipande bodaboda peke yake. Akishikwa na kifafa akiwa nyuma ya dereva, wataanguka wote wawili. Bajaji au gari, na msindikizaji kando yake.

## Hatua ya 4: Sema sentensi moja mapokezini

Usianze na "anaumwa kichwa" halafu ukakaa kwenye benchi. Sema hivi: "Shikamoo dada. Huyu ana mimba ya miezi 8, kichwa kinamuuma tangu asubuhi na haoni vizuri. Tunaomba apimwe presha na mkojo sasa hivi."

Sentensi hiyo ina umri wa mimba, dalili mbili za hatari na ombi mahususi. Mhudumu yeyote wa wazazi akiisikia anajua huyu hapangi foleni. Kama mtu wa mapokezi anakuelekeza foleni ya wagonjwa wa kawaida, uliza kwa heshima chumba cha wazazi kiko wapi, uende umweleze mkunga mwenyewe.

## Hatua ya 5: Hakikisha kipimo kimepimwa sawasawa

Hapa ndipo majibu ya uongo huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama akojoe kwanza, kisha akae dakika 5 akiwa ameegemea, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi; kufungia juu ya sweta au kitenge hakufai. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini. Mama asiongee wakati mashine inafanya kazi, na msindikizaji naye anyamaze.

Akipimwa amelala ubavu mkono ukiwa juu, presha itasoma chini, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani kwa namba isiyo yake. Ukiona hivyo, omba arudie akiwa amekaa.

Mkojo uwe wa katikati: aanze kukojoa chooni, kisha akinge kwenye chombo safi. Uchafu wa ukeni ukiingia, kijiti kinaweza kuonyesha protini ambayo haikutoka kwenye figo. Kijiti husomwa baada ya takriban dakika moja kwa kulinganisha rangi na za kwenye kopo lake. Kikiachwa mezani robo saa, rangi yake haiaminiki tena.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na namba mbili za presha na jibu la protini, zote zimeandikwa kwenye kadi pamoja na saa. "Presha iko sawa" bila namba si jibu. Uliza: "Ni ngapi juu ya ngapi?"

## Hatua ya 6: Soma namba

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, presha imepanda. Si lazima zote mbili zifike, moja inatosha. Akiwa na dalili juu yake, haendi nyumbani siku hiyo.

Namba ya juu ikifika 160, au ya chini 110, ni dharura. Hupimwa tena ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo dawa ya kushusha inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Kiharusi ndicho kinachoogopwa hapa, mbali na kifafa.

Mkojo usio na protini haumwachii huru mama mwenye presha ya juu, kichwa na ukungu machoni. Ugonjwa huu unaweza kuwepo bila protini, na dalili za ubongo zinahesabiwa.

Na presha ikitoka nzuri? Fungua kadi. Mama aliyekuwa 100/60 miezi yote na leo ni 136/88 hajafika 140, lakini amepanda sana kutoka alipozoea, na ana dalili. Omba abaki, apimwe tena baada ya saa chache. Ikibaki chini, daktari atafute sababu nyingine ya kichwa, na mwondoke mkiwa na tarehe ya kurudi ndani ya siku chache, pamoja na agizo la kurudi mara moja kichwa kikizidi.

## Mfano: Jumatano moja kisiwani Kome

Tuchukue mama wa miaka 21, mimba ya kwanza, wiki 35. Mimba ya kwanza yenyewe inaongeza uwezekano. Jumanne jioni pete imekataa kutoka. Jumatano saa 1 asubuhi kichwa kinauma, anameza Panadol mbili. Saa 4 bado kinauma, na akiwa chanjani akigeuza dagaa anaona vimulimuli pembeni mwa macho. Mama mkwe anasema ni jua na malaria, wifi anasema waende zahanati. Wifi anashinda.

Saa 5 wako zahanati. Kipimo cha malaria kinaonyesha anayo. Presha ni 158/104, protini alama mbili za kujumlisha. Kwenye kadi, mwezi uliopita alikuwa 110/70. Baada ya dakika 15 presha inasoma 164/112.

Angalia kinachofuata, kwa sababu ndicho familia inachopaswa kukitarajia. Mkunga anampa nifedipini ya kumeza kushusha presha. Anamchoma sindano ya magnesiamu salfeti, gramu 5 kila tako, jumla gramu 10. Inauma, na inaleta joto mwilini. Mama aambiwe mapema asidhani amepewa dawa mbaya. Sindano hii haishushi presha. Kazi yake ni kuzuia kifafa, ndiyo maana zote mbili zinahitajika. Dawa ya malaria inaanza pia. Kisha simu 115, barua ya rufaa, na mkunga anaandamana naye kwenye pantoni kwenda Nyakaliro, halafu gari hadi hospitali Sengerema.

Wifi anafanya jambo moja la maana kabla ya kuondoka: anauliza sindano imechomwa saa ngapi, na anahakikisha dozi na saa vimeandikwa kwenye barua. Bila hiyo, hospitali inaweza kurudia dozi au kuiacha. Magnesiamu ikizidi hudhoofisha pumzi, kwa hiyo kule watakuwa wakihesabu anavyohema, kugonga goti kwa kinyundo kuona kama linashtuka, na kupima mkojo anaotoa.

Hospitali wanapima damu: chembe za kugandisha, ini, figo. Wanasikiliza moyo wa mtoto. Kwa kuwa ni wiki 35 na dalili ni kali, presha ikishatulia wanaanzisha uchungu. Familia hushtuka hapa: "Miezi haijatimia!" Lakini ugonjwa unatoka kwenye kondo, na hauanzi kuisha mpaka kondo litoke. Mtoto wa wiki 35 kwa kawaida huishi vizuri akipewa joto, kifuani kwa mama, na maziwa. Hali ingehitaji zaidi, wangempeleka Mwanza. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari la wagonjwa halisubiri pantoni pale.

Angekuwa wiki 30, hesabu ingekuwa ngumu zaidi: daktari angepima kati ya kumkomaza mtoto mapafu kwa sindano na hatari ya mama kuendelea kubeba. Uamuzi huo ni wa hospitali kubwa, haufanyiki zahanati.

## Akishikwa na kifafa njiani

Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Kama mko kwenye boti, katikati ya chombo, mbali na ukingo, jaketi la kuokolea likiwa limeshavaliwa tangu mwanzo. Ondoa vitu vigumu karibu na kichwa. Tazama saa.

Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu, usimmwagie maji, usimnyweshe chochote. Degedege likiisha, mwache ubavuni, futa mate, hakikisha anahema. Safari iendelee kwenda hospitali. Atazinduka amechanganyikiwa na pengine hakumbuki kitu. Kumpeleka kwa mganga atoe mapepo kwa sababu hiyo ni kupoteza saa ambazo degedege la pili linaweza kuja.

## Baada ya kujifungua

Watu hulegea mtoto akishalia. Magnesiamu huendelea kwa saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lile lililochelewa kati ya hayo mawili. Asiombewe ruhusa mapema kwa sababu nyumbani kuna wageni.

Presha inaweza kupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, wakati mama ameshafika nyumbani, na kifafa kinaweza kumpata hata mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri siku zote za mimba. Kwa hiyo kichwa kikali au ukungu machoni ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua vimrudishe hatua ya 1, na mapokezini sentensi ianze na "amejifungua wiki iliyopita", maana bila tumbo hakuna atakayekisia.

Dawa za presha alizopewa asiache kwa kuona kichwa kimetulia, kliniki itampunguzia. Kunyonyesha aendelee, dawa zinazotolewa wodini kwa kawaida huchaguliwa zinazoruhusu hilo. Na mimba ijayo aanze kliniki kabla ya wiki 12, aseme mwanzoni kabisa kilichompata, ili daktari aamue kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16. Akifika kliniki mimba ikiwa na miezi 6, nafasi hiyo imeshapita.